Keateka anaingia kwangu nikiwa kazini: nimwandikieje mwenye nyumba?

*Naishi ghorofani Kasarani, nyumba ya chumba kimoja cha kulala. Keateka ana ufunguo wa akiba, na mara mbili ameingia kwangu nikiwa kazini, eti anaangalia bomba. Kodi ikichelewa hata siku moja ananipigia kelele kwenye korido majirani wakisikia. Wageni wangu anawauliza ni nani wangu. Mwenye nyumba ni mzee mpole, lakini keateka ni mtu wa kwao. Nitamwambiaje mzee bila kuonekana msumbufu, na bila kufungiwa maji?*

Chukulia kwamba lolote utakalomwandikia mzee, keateka atalisoma. Wenye nyumba wengi wakipata lalamiko hulituma lilivyo kwa keateka, wakaongeza swali moja tu: "Hii ni nini?" Hawana nia mbaya. Wao hawaishi pale, mtu wao pale ni yeye, na hawaoni njia nyingine ya kupata ukweli ila kumuuliza. Kwa hiyo ukiandika "huyu mtu hana adabu, mfukuze", maneno hayo yatamfikia mtu anayeshika vali ya maji yako, ufunguo wa geti na namba ya fundi. Ukiandika kwa namna ambayo hata yeye akisoma hataona tusi wala njama ya kumnyang'anya kazi, utakuwa umeziba mlango wa kisasi kabla haujafunguka.

Usiombe afukuzwe, hata kama moyoni ndicho unachotaka. Huyo ndiye anayewasha pampu, anayesoma mita ndogo za maji mwisho wa mwezi, anayeonyesha nyumba zilizo wazi na anayejua nani anataka kuhama usiku na deni. Mzee akimwondoa, kazi hizo zote zinamrudia yeye mwenyewe, na juu ya hayo ana lawama za watu wa kwao. Ombi la kumfukuza linamlazimisha achague kati yenu wawili, na hapo wewe ndiye utakayeshindwa. Ombi la utaratibu halimlazimishi kuchagua mtu. Anatoa agizo, mambo yanabadilika, na hakuna aliyeaibika.

Sasa, mambo matatu uliyoyataja hayana uzito sawa, na ukiyatia yote katika ujumbe mmoja lile zito litapotea. Zito ni kuingia nyumbani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha ya mtu pamoja na nyumba yake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 65, inachukulia kwamba kila mkataba wa upangaji una ahadi ya mwenye nyumba kwamba mpangaji anayelipa kodi na kufuata masharti atakaa kwa utulivu bila kuingiliwa. Kifungu hichohicho kinampa mwenye nyumba au mtu wake ruhusa ya kuingia kwa wakati unaofaa ili kukagua na kukarabati, mradi asimsumbue mpangaji isivyostahili. Soma pia mkataba wako, kwa kuwa mingi ina sentensi kuhusu ukaguzi na muda wa kumjulisha mpangaji. Haya yote yajue, yaweke akiba, na usiyataje katika ujumbe wa kwanza. Mzee mpole akiona vifungu vya sheria ataona wakili nyuma yako, naye atajifunga.

Kelele za kodi zinakuja za pili. Kukudai ni kazi aliyopewa. Kukudai mbele ya majirani si sehemu ya kazi hiyo. Tofauti hiyo ibaki wazi katika maneno yako, la sivyo utasikika kama mtu asiyetaka kudaiwa. Suala la wageni ndilo dhaifu kuliko yote. Kumuuliza mgeni jina na nyumba anayokwenda ni ulinzi wa kawaida, na mzee atasema hivyo mara moja. Kumuuliza "wewe ni nani wake" ni udaku, lakini ni vigumu kuutenganisha na ulinzi kwa mtu ambaye hakuwapo. Mimi ningeliacha nje ya ujumbe wa kwanza. Likimalizika lile la ufunguo, keateka atajua kwamba mzee anasikiliza, na udaku wa getini mara nyingi hupungua wenyewe.

Kabla ya kuandika chochote, kuna jambo moja ambalo watu hulisahau, na ndilo linaloua malalamiko mengi ya namna hii. Nenda kwa jirani wa nyumba iliyo chini yako, umuulize kwa upole kama dari lake la bafuni lililowa siku zile. Ikiwa maji yalikuwa yanamdondokea kweli, keateka alikuwa na sababu ya kuingia, na kosa lake ni kutokupigia simu. Lalamiko lako basi linakuwa la kutojulishwa, si la kuingiliwa. Usipouliza, mzee atampigia keateka, ataambiwa "maji yalikuwa yanamwagikia watu wa chini", na kuanzia hapo kila utakachosema kitaonekana cha kutia chumvi. Ikiwa dari lilikuwa kavu na hakuna fundi aliyeletwa baadaye, basi kisingizio cha bomba kimeanguka. Hata hivyo usimwite mwongo. Eleza tu kwamba hukuona kilichotengenezwa, na umwache mzee aulize mwenyewe.

Kisha mwandikie keateka ujumbe mfupi wa simu, mmoja tu, usio na ukali: "Habari yako. Nimeambiwa ulipita kwangu Alhamisi kuangalia bomba. Ulikuta shida gani? Wakati mwingine tafadhali nipigie kwanza niwepo." Ujumbe huu una kazi mbili. Unampa nafasi ya kujirekebisha, na mzee atakapouliza kama ulizungumza naye kwanza, jibu lipo. Vilevile, akijibu "ndiyo niliingia, hakukuwa na shida", amekiri kwa maandishi yake mwenyewe. Asipojibu, usimfuate. Hatua hii iruke kabisa ikiwa kuna kitu kilichopotea, ikiwa aliwahi kuingia ukiwa umelala au unaoga, au ikiwa maneno yake yana harufu ya kukutaka kimapenzi. Hayo nitayafikia.

Weka kumbukumbu katika simu: tarehe, saa, kilichotokea, nani alikuwapo. Maneno yaandike yalivyotoka mdomoni mwake. "Ana dharau" ni maoni yako, na mzee anaweza kuyapinga. "Saa moja jioni, mlangoni kwangu, alisema 'kama huna pesa rudi kwenu', na wapangaji wawili walikuwa wanapanda ngazi" ni tukio. Tukio halipingwi kwa tabia nzuri ya mtu siku nyingine. Matukio mawili au matatu yanatosha. Ukimletea mzee orodha ya kumi na mbili, ataacha kuangalia kosa na kuanza kujiuliza kwa nini unamwandama kijana wake. Na hayo yote yasiingie kwenye kundi la WhatsApp la wapangaji. Huko unamwaibisha keateka hadharani, mzee analazimika kumtetea, na ukimtaja kwa wizi usioweza kuuthibitisha unaweza kujikuta wewe ndiye unayeshtakiwa kwa kumchafulia jina.

Umesema kodi huchelewa siku moja. Ilipe kwanza, pamoja na bili ya maji, kisha subiri siku chache. Nyumba nyingi za Nairobi hudai kodi kufikia tarehe 5, na katika siku hizo mwenye nyumba hana akili ya jambo jingine. Lalamiko linalokuja tarehe 6 kutoka kwa mtu ambaye bado anadaiwa husomwa kama kisingizio cha kutolipa. Tuma kati ya tarehe 8 na 15, ujumbe wa M-Pesa wa malipo ukiwa bado umo kwenye simu yako.

Hakikisha pia unamwandikia anayestahili. Ikiwa mkataba umetiwa sahihi na kampuni ya wakala na kodi inaingia kwenye akaunti yao, lalamiko liende kwao kwanza, kwa sababu mara nyingi wao ndio wanaompa keateka maagizo. Mzee apate nakala baadaye. Ikiwa unamlipa mzee moja kwa moja, anza na simu. Mtu wa umri wake akipokea maandishi marefu ghafla anahisi ameshtakiwa. Muombe nafasi kwa ujumbe wa mstari mmoja: "Mzee, habari za leo. Naomba dakika kumi za kuzungumza nawe kuhusu nyumba, wakati utakaokufaa." Mkishaongea, tuma maandishi siku hiyohiyo, ili maneno ya simu yasipotee. Yanaweza kuwa hivi:

"Mzee, habari za jioni. Ni mpangaji wako wa B7. Asante kwa kunisikiliza mchana. Kama tulivyoongea, naomba msaada wako kwa mambo mawili.

La kwanza ni nyumba kufunguliwa nikiwa sipo. Jumanne tarehe 4 na Alhamisi tarehe 20 mwezi uliopita, nyumba yangu ilifunguliwa kwa ufunguo wa akiba nikiwa kazini, nami sikuwa nimeambiwa. Naelewa mabomba lazima yakaguliwe, na ukaguzi wenyewe sina neno nao. Naomba tu nijulishwe kwa simu siku moja kabla, ili niwepo au nimwache mtu. Ikiwa ni dharura ya maji kumwagika au moto, naomba nipigiwe saa hiyohiyo, na nyumba ifunguliwe mbele ya jirani.

La pili ni kukumbushwa kodi. Mwezi huu nilichelewa siku moja, nikalipa tarehe 6, na kwa hilo naomba radhi. Ila tulizungumzia jambo hilo kwenye korido mbele ya wapangaji wengine. Naomba siku nyingine nipigiwe simu au nitumiwe ujumbe, nami nitajibu.

Maji na usafi wa ngazi vinashughulikiwa vizuri, na sitaki keateka aone ninamshtaki. Ukiona inafaa, agizo hili linaweza kutolewa kama utaratibu wa nyumba zote. Asante sana Mzee."

Angalia sentensi zilivyojengwa. "Nyumba ilifunguliwa kwa ufunguo wa akiba" inasema yote bila kumnyooshea mtu kidole. Mzee anajua ufunguo uko kwa nani. Kosa la kuchelewa kodi umelitaja wewe mwenyewe, kwa hiyo hakuna atakayelitumia kukunyamazisha. Sifa iliyowekwa mwishoni lazima iwe ya kweli. Kama ngazi hazifagiliwi, usiseme zinafagiliwa. Tafuta jambo jingine analolifanya sawasawa, na usipolipata acha sentensi hiyo kabisa. Muda wa siku moja hautoki kwenye kifungu nilichokitaja. Sheria inasema wakati unaofaa, na siku moja ni kipimo cha haki ambacho mzee anaweza kukikubali bila kufikiri sana.

Lile pendekezo la utaratibu wa nyumba zote ndilo linalokulinda kuliko jingine lolote. Mzee akikubali, mrahisishie kwa kumpa maneno tayari: "Kuanzia mwezi huu, ukaguzi wa nyumba utafanyika baada ya mpangaji kujulishwa siku moja kabla, isipokuwa kwa dharura." Akiyatuma kwenye kundi, agizo limetoka kwake, linawahusu wote, na mbele ya wapangaji wengine halionekani limetoka B7. Keateka mwenyewe atakisia, lakini kukisia ni tofauti na kuonyeshwa.

Katika simu, jiandae kwa mambo mawili. Mzee anaweza kusema, "Huyo ni kijana wangu, namjua, hana shida." Usibishane na tabia ya kijana. Jibu: "Sina ubaya naye, Mzee. Shida yangu ni kukuta nyumba imefunguliwa na sijaambiwa." Rudia hilohilo mara ya pili ikibidi. Au anaweza kusema, "Subiri nimuunganishe sasa hivi tuyamalize." Omba kwa heshima azungumze naye peke yake kwanza. Mkiwekwa watatu kwenye simu, keateka anajitetea mbele ya bosi wake, nawe unageuka upande wa pili wa kesi. Akiuliza wapangaji wengine wanasemaje, jisemee wewe tu. Majirani wanaolalamika ngazini hugeuka mabubu mzee akiwapigia, na hapo utaonekana umewasingizia.

Ufunguo wenyewe una suluhisho la bei nafuu. Omba ruhusa ya kubadilisha silinda ya kitasa kwa gharama yako. Fundi huifungua kwa skrubu moja ubavuni mwa mlango, anaitoa na kuingiza mpya ya urefu uleule, bila kugusa kitasa kizima. Nenda na ile ya zamani dukani ili urefu ulingane, kwa sababu silinda ndefu zaidi hubaki imetokeza nje na ni rahisi kuvunjwa. Ufunguo mmoja uuweke ndani ya bahasha, uifunge kwa gundi, utie sahihi yako na tarehe juu ya mkunjo, na umkabidhi mzee au wakala. Dharura ikija, bahasha inachanwa na kila mtu anajua kwamba imechanwa. Usibadilishe bila ruhusa. Mikataba mingi inakataza, na utakuwa umempa keateka lalamiko lake la kwanza dhidi yako. Ukisubiri jibu, kama mlango wa nje wa grili una nafasi ya kufuli, tia kufuli lako. Komeo la ndani litakusaidia usiku ukiwa umelala, lakini halizuii kitu ukiwa kazini.

Baada ya ujumbe, msalimie keateka kama kawaida. Usimnunie, na usimletee zawadi ghafla. Mpe mzee siku saba. Asipojibu, tuma mstari mmoja: "Mzee, nilikuwa nakukumbusha lile jambo la ukaguzi wa nyumba." Watu wengi hukimbilia lalamiko jipya refu kwa hasira ya kutojibiwa, wakati mwenye nyumba alikuwa amesahau tu.

Kuhusu maji, hofu yako ina msingi. Yakikatika, kwanza muulize jirani wa ghorofa yako kama kwake yanatoka. Yakiwa yamekatika kwa wote, ni pampu, tangi au zamu ya mgao wa mji. Yakiwa kwako peke yako, piga picha ya mita yako na vali iliyo kando yake, saa ikionekana. Mkono wa vali ya robo mzunguko ukikaa sambamba na bomba iko wazi. Ukikaa kulikata bomba imefungwa. Kisha mtumie keateka taarifa ya kawaida ya ukarabati: "B7 haina maji tangu saa kumi na mbili asubuhi, jirani anayo. Tafadhali angalia vali." Asipoitikia hadi jioni, peleka ujumbe huohuo na picha kwa mzee, bila neno "kisasi". Ikitokea mara ya pili, mzee ataona mwenyewe kwamba nyumba inayokosa maji ni ile iliyolalamika, na hitimisho hilo lina nguvu zaidi likitoka kichwani mwake.

Ikiwa hata baada ya hayo nyumba itafunguliwa tena, sasa andika barua ya karatasi, yenye tarehe, ukitaja ujumbe wa kwanza, tukio jipya, kifungu cha 31 cha Katiba na kifungu cha 65 cha Sheria ya Ardhi. Ikabidhi kwa mkono na uombe sahihi kwenye nakala yako. Ofisi ya chifu husaidia sana katika ugomvi wa namna hii, hasa mzee akiwa mtu anayeheshimu wito wa chifu. Watu watakuelekeza kwenye baraza la kodi za nyumba, lakini sheria ya baraza hilo inahusu nyumba ambazo kodi yake ya msingi haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kwa hiyo nyumba ya chumba kimoja cha kulala Kasarani ni nadra sana kuingia humo.

Na kama kuna kitu kilichoibwa, vitisho, kuguswa, au kuingia ukiwa ndani umelala, upole wote huu hauhusiki. Nenda kituo cha polisi siku hiyohiyo, uandikishe taarifa na uondoke na namba ya OB, kisha ndipo umpigie mzee. Kwa unyanyasaji wa kijinsia piga 1195, simu ya bure inayofanya kazi mchana na usiku. Hapo ujumbe kwa mzee unakuwa wa kumjulisha tu, na ombi lako ni moja: ufunguo utoke mikononi mwa keateka leo.